Kopo la karanga na asali halijafika dukani: kwa nini hatubandiki tu alama ya TBS

Tangu tuonjeshe siagi ya karanga yenye asali kwenye maonyesho, swali ni lile lile kila tukipeleka mzigo Ngamiani: "Ile ya asali iko wapi?" Mwenye duka mmoja wa Barabara ya 12 alitupa na ushauri juu yake. Alilishika kopo letu la kawaida, akaigusa kwa kidole alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, akasema, "Bi mkubwa, mashine si ile ile? Karanga si zile zile? Hamishia alama hii kwenye kopo la asali, biashara iende."

Alisema kwa nia njema, na tunajua wengi wanafikiri hivyo. Lakini leseni ya kutumia alama ile hatukupewa sisi kama kampuni, wala haikupewa mashine. Imetolewa kwa bidhaa moja, siagi ya karanga ya kawaida, kwa mapishi tuliyoyaandika kwenye maombi na kwa jengo lililokaguliwa. Ukitia asali umetengeneza kitu kingine. Asali ina maji yake, inaweza kufika hadi sehemu 20 katika 100, wakati karanga iliyokaangwa vizuri karibu haina maji. Kwa hiyo hata muda wa kukaa rafuni hatuwezi kuuazima kwenye kopo la zamani. Inabidi bidhaa iombewe leseni yake na ipimwe peke yake. Kuchapa alama bila leseni ni kosa kisheria, na lingeweza kutuponza hata kwenye kopo ambalo tayari liko halali.

Itachukua muda gani? Tuseme yaliyotupata kwenye lile la kwanza. Maombi tuliyapeleka Februari. Machi wakaguzi wakaja, wakatazama stoo, nyavu za madirishani, vyeti vya afya vya wafanyakazi na daftari la uzalishaji, kisha wakachukua sampuli. Majibu yalirudi mwishoni mwa Aprili, na tulifeli. Leseni tuliishika Julai. Miezi ile iliyoongezeka hatuna wa kumlaumu, kosa lilikuwa ndani ya magunia yetu.

Tulifeli kwa sumukuvu. Hii ni sumu inayotengenezwa na ukungu unaoota kwenye karanga na mahindi, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu jumla ya maikrogramu 10 katika kilo moja, na ile aina kali zaidi, B1, isizidi 5. Sisi tulikuta 14. Ukitaka picha ya udogo wake, hiyo 10 ni kama gramu kumi, tuseme vijiko viwili vya chai vya sukari, zilizotawanywa kwenye malori mia moja yenye tani kumi kumi za karanga. Huioni, huinusi, na kukaanga hakuimalizi. Punje chache zilizovunda zinatosha kuharibu gunia zima, kwa sababu sumu haikai sawasawa. Punje moja inaweza kubeba nyingi huku jirani yake haina kitu.

Tulipofuatilia tukagundua kwamba karanga zilitoka bara zikiwa kavu, sisi ndio tuliozirundika sakafuni, magunia yakiegemea ukuta, msimu wa mvua, kwa unyevu huu wetu wa Tanga. Ukiingiza mkono katikati ya gunia ulikuwa unahisi ujotojoto. Hiyo ndiyo dalili, na tulikuwa tunaipuuza. Sasa magunia yanakaa juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta, na tunanunua ya wiki mbili tu badala ya miezi miwili. La pili ni kuchambua mara mbili. Kwanza mbichi, tunatoa zilizosinyaa, zilizovunjika na zenye madoa. Kisha baada ya kukaanga na kumenya, kwa sababu ganda jekundu likitoka ndipo unaona punje iliyogeuka rangi ya kahawia au kijivu ndani. Zilizotolewa hazirudi sokoni wala hazilishwi kuku. Sampuli ya pili ilipita.

Kuhusu gharama, watu husema alama ni bure. Ni kweli nusu. Mjasiriamali mdogo anayekwenda TBS na barua ya utambulisho kutoka SIDO, shirika la viwanda vidogo, hatozwi kwa miaka mitatu ya mwanzo, gharama zinabebwa na serikali. Barua hiyo nasi tulikwenda nayo. Lakini kuzifanya karanga zistahili kupita, hilo unalipa mwenyewe. Chukua gunia la kilo 100. Kina mama wawili wanachambua siku nzima, shilingi 10,000 kila mmoja. Zinatupwa kama kilo 6, na kwa bei tuliyonunulia ya 3,500 hiyo ni 21,000. Jumla 41,000. Zikitoka maganda na unyevu wa kukaanga, tunabaki na kilo 85 hivi za siagi, yaani makopo 212 ya gramu 400. Gawanya, unapata karibu shilingi 200 kwa kila kopo. Ndiyo maana bei ya kopo tuliipandisha kwa shilingi 300. Ile mia inayobaki tunaitenga kwa ajili ya vipimo vyetu wenyewe katikati ya mwaka na kwa siku ambayo miaka ya bure itakwisha.

Kuna hasara nyingine hatukuiingiza kwenye bei, kwa sababu ni ya ujinga. Kabla ya kuomba leseni tulikuwa tumechapisha lebo 2,000 kwa shilingi 150 moja. Laki tatu. Zote tulizichoma, na hatukuzichoma kwa kukosa alama tu. Ziliandikwa "karanga asilimia 100" wakati ndani mna chumvi na sukari kidogo. Ziliandikwa "tiba ya moyo na kisukari". Chakula hakiruhusiwi kudai kinatibu ugonjwa, na alama ya ubora hailigeuzi kopo kuwa dawa. Hata "haina kolesteroli" tuliitoa. Si uongo, lakini hakuna siagi ya karanga yenye kolesteroli, kwa kuwa hiyo hutoka kwa wanyama. Kuiandika kwetu kungekuwa kama kusema ya jirani inayo.

Kwa hiyo sasa lebo inasema machache: viambato kwa kuanza na kilicho kingi, uzito bila kopo, tarehe mbili, namba ya toleo, tulipo, na onyo kwa wenye mzio wa karanga. Chini ya alama ipo namba ya leseni. Hiyo ndiyo ya kuangalia, siyo ile mistari myeusi inayoanzia na 620. Mistari ile ni ya kuuzia kwenye mashine ya duka, inatambulisha bidhaa, haikuambii kama imepimwa. Ukiwa na shaka na kopo lolote, letu au la mwingine, ipeleke namba ya leseni TBS uulize kama ni ya bidhaa hiyo hiyo iliyoandikwa kwenye kopo.

La asali tumeshaliombea. Lebo zake hatujachapa hata moja, na hatutachapa mpaka leseni iwe mkononi. Makopo yaliyobaki ya maonyesho tumeyamaliza wenyewe na mkate wa ufuta, kwa hiyo msiyatafute.