Barua ya wazi kwa Meya wa Lubumbashi: mutuite kabla ya kuandika nyumba zetu

Mheshimiwa Meya,

Ninakaa Kamalondo, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika wakati mji huu uliitwa Elisabethville. Tunasikia nyumba zetu za zamani zitaandikwa kuwa urithi. Hakuna aliyekuja kutuuliza, na woga umeanza kazi yake: kwenye avenyu yetu jirani amebomoa barza ya nyumba ya babu yake, akisema wakija wasikute kitu cha kuandika.

Simlaumu. Sheria ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda mali za utamaduni, lakini mwenye lupango anataka kujua jambo dogo zaidi: nikitaka kubadili dirisha langu, nitamuomba nani, na nitangoja siku ngapi?

Chukua nyumba ya mama mmoja mjane hapa karibu. Manjanja yake yanavuja, na anataka vyumba viwili vya kupangisha nyuma ya lupango ili alipe masomo ya watoto. Kinachostahili kulindwa pale kinaonekana ukiwa barabarani: barza, ukuta wa mbele wa matofali, mteremko wa paa. Basi karatasi ya kuandika nyumba yake kuwa urithi iseme hivyo tu. Manjanja abadilishe, mradi paa libaki na umbo lake. Ndani apange anavyotaka, na vyumba vya nyuma ajenge, visipite urefu wa nyumba. Akisoma hayo kabla hajatia sahihi, hatakuwa na sababu ya kubomoa.

Kuna katazo moja ambalo mimi mwenyewe ningelitetea: saruji kwenye ukuta wa zamani. Tofali la kuchoma lililojengwa kwa chokaa hunyonya maji ya mvua, kisha hukauka jua likiwaka. Ukilipaka saruji, unyevu unafungiwa ndani. Baada ya misimu michache utaona chumvi nyeupe chini ya ukuta, rangi inavimba, na tofali linamomonyoka nyuma ya plasta ambayo bado inaonekana nzima. Chokaa na mchanga ndiyo dawa, lakini mafundi wanaoijua wamebaki wachache. Ukitukataza saruji, utuletee fundi wa kufundisha vijana wetu, na gharama inayozidi isimwangukie yule mjane peke yake.

Tena, lupango nyingi ni za urithi wa familia. Anayekaa mle si lazima awe mwenye kuamua. Ndugu wengine wako Likasi au Kolwezi. Sahihi ya mtu mmoja aliyekutwa nyumbani Jumanne asubuhi italeta ugomvi ukoo mzima.

Tunaomba burgumesta na wataalamu wako waanze na avenyu moja, Jumapili mchana watu wakitoka kanisani, wapite lupango kwa lupango na wenye nyumba, wakiandika mbele yao kinacholindwa na kilicho huru. Viti tutatoa sisi.

Mkaaji wa Kamalondo