Rufaa iliyotupwa na rufaa iliyofutwa

Mhariri,

Tangu marekebisho ya mwaka 2021 yafanye Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, hukumu nyingi zinatafsiriwa. Tatizo ninalokutana nalo mara nyingi liko kwenye mstari wa mwisho, kwenye amri yenyewe.

Chukua mkazi wa Mbagala aliyeshindwa Mahakama Kuu. Kanuni zinamtaka atoe notisi ya rufaa ndani ya siku 30, yeye akachelewa. Mahakama ya Rufani ikaifuta rufaa yake, maana haikuwa halali tangu mwanzo. Mfasiri akaandika "imetupiliwa mbali". Jamaa akaenda nyumbani akijua yamekwisha, kumbe bado angeweza kuomba kuongezewa muda na kuanza upya. Akija kugutuka miezi sita baadaye, ataulizwa sababu ya kila siku aliyochelewa.

Kosa likiwa kinyume chake ni balaa jingine. Shauri lililosikilizwa na kutupwa likiandikwa "limefutwa", mtu atalifungua tena, halafu atapigwa pingamizi la res judicata, yaani shauri limekwisha kuamuliwa, chini ya kifungu cha 9 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, na gharama juu. (Kilatini hicho mimi hukiacha kando ya Kiswahili chake, kwa sababu ndicho wakili atakachokitafuta.)

Tofauti hii ni ya zamani. Iliwekwa wazi katika kesi ya Ngoni-Matengo Co-operative Marketing Union Ltd. v. Alimahomed Osman [1959] E.A. 577. Naomba wenzangu rejea kama hiyo waiache kama ilivyo. Ukitafsiri jina la kesi, hakuna atakayeipata.

Kesi hiyohiyo ilisema pia kwamba linaloangaliwa ni kilichotokea mahakamani kuliko neno lililotumika. Hapo wafasiri wengine huona wamepata ruhusa ya kumsahihisha jaji. Hapana. Jaji akikosea neno, tafsiri neno lake. Kulipima ni kazi ya mahakama ya juu.

Wala usiongeze maelezo yako, kama "imetupwa baada ya kusikilizwa". Kifungu cha 3 cha Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, kinaamuru shauri lililofunguliwa nje ya muda litupwe, hata kama ushahidi haujaguswa. Maelezo hayo yangekuwa uongo ndani ya hati ya mahakama.

Nanyi wahariri, kichwa cha habari cha "rufaa yagonga mwamba" mnakitumia kwa zote mbili. Kabla ya kukichapa, mwulizeni mwandishi wenu aya ya mwisho ya hukumu imesema imetupwa au imefutwa.

Mfasiri wa nyaraka za sheria,
Kariakoo, Dar es Salaam