Barua kwa majirani: ndoo ya pili kwanza, kibanda baadaye

Wanangu na wadogo zangu wa mtaa, salaam.

Nasikia kikao cha Jumamosi kitaamua kibanda cha kukusanyia chupa, maboksi na chuma chakavu kijengwe wapi. Kabla hamjanunua bati la kwanza, tuongee kwanza habari ya jikoni, maana vibanda vya namna hii hufia huko.

Zaidi ya nusu ya taka za kaya hapa Dar es Salaam ni za chakula: maganda ya ndizi na mihogo, mabaki ya ugali, matumbo ya samaki. Ukiyafunga pamoja na boksi, boksi linanyonya ule mchuzi, nyuzi za karatasi zinalegea, na baada ya siku mbili tatu unaona madoa ya ukungu. Mnunuzi analikataa, au analipima kisha anakata kilo kwa ajili ya maji. Kwa hiyo kila nyumba iwe na ndoo mbili: ya mfuniko kwa taka mbichi, iondoke kila siku, na nyingine ya taka kavu, ambayo inaweza kungoja wiki nzima bila kunuka. Pampasi, pedi na vitu vya msalani haviingi kwenye ndoo yoyote kati ya hizo. Vifungwe peke yake vingoje gari la taka.

Mabaki mabichi wafugaji wa kuku watachukua sehemu. Yanayobaki yaende kwenye shimo la mboji: ndoo moja ya mabaki, kisha ndoo mbili au tatu za majani makavu au maranda juu yake. Likinuka kama yai viza, limezidi maji na limekosa hewa; geuza, ongeza makavu. Usipoona joto kabisa, huenda lundo ni dogo mno. Likiwa chini ya mita moja kila upande, joto hutoroka.

Sasa chupa. Chupa tupu ya maji ya nusu lita ni nyepesi mno. Kilo moja inataka chupa kama 80 hivi. Tuchukue nyumba 40, kila moja ikitoa chupa 20 kwa wiki. Hizo ni chupa 800, yaani kilo 10 tu. Zisipokandamizwa, kiroba kikubwa kinajaa kwa chupa kama 200, kwa hiyo kilo 10 zinakula viroba 4, na mwenye guta anakuwa amebeba hewa. Fungua kifuniko, mwaga maji yaliyobaki, kanyaga chupa ilale, kisha rudisha kifuniko isivute hewa tena. Viroba vinne vinashuka hadi kimoja na nusu hivi. Ndiyo maana nasema msiuze kila wiki: kusanyeni wiki nane, mfikishe kilo 80, hapo mnunuzi atakubali kuja mwenyewe. Na waulizeni wanunuzi zaidi ya mmoja, maana wengine wanataka vifuniko vitenganishwe.

Chupa ya maji na dumu la mafuta si plastiki moja. Mkiwa na shaka, kateni kipande, kizamisheni kwenye beseni la maji, kikandamizeni kidole kitoke mapovu, kisha kiacheni. Plastiki ya chupa ya maji au soda inazama. Ya dumu na ya vifuniko vingi inaelea. Ila vipande vya bomba la maji la kijivu navyo huzama, na hivyo ndivyo vya kuogopa. Joto linaloyeyusha plastiki ya chupa linaliunguza bomba na kuharibu mzigo wote. Bomba likae mbali kabisa na kiroba cha chupa.

Kibanda chenyewe hakihitaji makubwa. Sakafu iinuliwe juu ya ardhi, kwa mbao za pallet zinatosha, kwa sababu masika ya Machi hadi Mei maji hupita chini. Paa litokeze mbele maboksi yasilowe. Wekeni mizani ya kuning'inia na daftari, na kila mzigo uandikwe kilo zake mbele ya watu wawili, asubuhi, kabla mnunuzi hajafika na mizani yake. Mizani mbili zikitofautiana kwa zaidi ya nusu kilo katika mzigo wa kilo 10, pimeni kitu kinachojulikana, kama mfuko wa sukari wa kilo moja ambao haujafunguliwa, kwenye zote mbili. Ugomvi mwingi wa vikundi huanzia hapo, si kwenye taka.

Jambo la mwisho nalisema bila kupepesa: msiwafukuze vijana waokotao chupa mtaani. Wao wanajua bei na wanajua kuchambua kuliko sisi. Wapeni mmoja au wawili kazi ya kuchambua kibandani, kwa malipo yatakayoandikwa kwenye daftari hilohilo, na mtu wa kwanza kuwafundisha nyinyi tofauti ya chupa na dumu awe huyo.

Jumamosi kila nyumba ije na ndoo yake kavu ya wiki hii, tuimwage kwenye turubai na kuichambua pamoja. Beseni la maji nitaleta mimi.

Mzee wenu wa mtaa