Sura ya tatu: tusiandike upya, tulinganishe

Ndugu zangu, sura ya tatu sasa ina matoleo mawili: la Mwalimu na la dada yetu wa Tanga. Naomba asiwepo wa kuketi kuchapa upya, maana masahihisho yatapotea.

Pia msilinganishe matoleo hayo mawili moja kwa moja. Aya ya kisima aliyoiongeza Mwalimu itaonekana kana kwamba dada ameifuta, kumbe hakuwahi kuiona. Ukikubali yote, imekwenda.

Tuanze na faili la awali nililolituma kabla ya uhariri. Kwenye Word, fungua Review > Compare > Compare, linganisha la awali na la Mwalimu, na kwenye “Label changes with” andika Mwalimu. Bonyeza More, ondoa tiki kwenye Formatting, uhifadhi. Fanya vivyo hivyo kwa la dada. Kisha unganisha matokeo hayo mawili kwa Combine.

Penye sentensi iliyoguswa na wote wawili, maneno yao yatakaa yakifuatana. Hapo msibonyeze Accept All; niachieni, nitawauliza wenyewe.