Repo ya Dar es Salaam si ya New York

Mhariri,

Wiki iliyopita ukurasa wenu wa biashara uliandika kwamba Benki Kuu ya Tanzania "imenyonya" fedha kwenye mabenki kwa repo ya kinyume. Ni kinyume chake: ilimwaga fedha.

Nadhani mwandishi alisoma maelezo ya Marekani. Repo ni mkataba wa kuuza hatifungani kwa ahadi ya kuzinunua tena, na benki kuu ya kule huuita kwa kutazama upande wa benki inayofanya nayo biashara. Ikitoa fedha na kushika hatifungani, inasema repo. Ikivuta fedha, repo ya kinyume. Benki kuu za Tanzania na Kenya hutazama upande wao. Repo ni wao kuuza hatifungani kwa ahadi ya kuzinunua tena, hivyo fedha zinatoka sokoni. Repo ya kinyume ni wao kuzinunua kwa muda, fedha zikaingia.

Chukueni tarehe 20, siku ya mwisho ya kulipa VAT. Fedha zinatoka kwenye akaunti za wafanyabiashara zinaingia akaunti ya serikali, ambayo iko Benki Kuu. Hazijapotea, ila mabenki hayawezi tena kukopeshana fedha hizo. Kesho yake riba ya mikopo ya siku 7 baina ya mabenki inaanza kupanda. Tangu Januari 2024 Benki Kuu yetu inataka riba hiyo isiachane na Riba ya Benki Kuu, ile riba elekezi inayoitangaza yenyewe, kwa zaidi ya asilimia 2 juu au chini, kwa hiyo inaitisha mnada wa repo ya kinyume.

Tuseme benki moja imepata shilingi bilioni 10 kwa siku 7, riba asilimia 6 kwa mwaka. Inakabidhi hatifungani zenye thamani ya zaidi kidogo ya bilioni 10, ili bei ikishuka mkopeshaji asiumie. Siku ya saba inarudisha bilioni 10 na riba ya kama milioni 11.5, inachukua hatifungani zake. Huenda kufikia hapo serikali imeshalipa mishahara na wakandarasi, na fedha zimerudi zenyewe. Zisiporudi, mnada mwingine.

Nilifanya kazi chumba cha hazina cha benki ndogo, na hapo ndipo nilipouona upungufu wa chombo hiki. Siku za ukame wa fedha hatifungani zetu karibu zote zilikuwa tayari rehani kwa benki nyingine. Mnada ukitangazwa, tunautazama tu. Jioni takwimu zinaonyesha mabenki kwa jumla yana fedha za kutosha, nasi bado tumeshika simu tukitafuta wa kutukopesha.

Naomba mchapishe masahihisho. Na safari nyingine neno likiwatatiza, mwulizeni msemaji wa Benki Kuu swali moja: leo nani kauza hatifungani? Aliyeuza ndiye aliyeondoka na fedha.

Mstaafu, Tanga