Kabla hujanunua dawa ya fangasi, hesabu siku zako

Mteja akituomba vidonge vya fangasi ukeni kwa sababu tu chupi inalowa, humuuliza kwanza: leo ni siku ya ngapi tangu hedhi ianze?

Chukua dada mwenye mzunguko wa siku 30. Damu imekatika siku ya 5, na siku mbili tatu zinazofuata anajiona mkavu. Kufikia siku ya 9 hivi anaona ute kidogo, mweupe na wa kunata. Kati ya siku ya 13 na ya 16 ute unakuwa mwingi, unateleza na kung'aa kama ute wa yai bichi. Ukiubana kwa vidole viwili unavutika bila kukatika. Hapo ndipo wengi huingiwa na hofu. Lakini dada huyu hawashwi, hasikii maumivu, na harufu yake ni ile ya kila siku. Homoni ya estrojeni imepanda, yai linakaribia kutoka, na mlango wa kizazi unatengeneza ute wa kupitisha mbegu. Yai likishatoka, projesteroni inapanda, na katika siku chache ute unapungua na kurudi kuwa mzito hadi hedhi ifike. Akimeza dawa wakati huo ataamini imemponya, kumbe ute ungepungua wenyewe. Mwezi ujao atanunua tena.

Kwa kawaida yai hutoka takribani siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, kwa hiyo mwenye mzunguko wa siku 35 ataona hali hii karibu na siku ya 21. Mjamzito, anayenyonyesha au anayetumia uzazi wa mpango wa homoni huenda asiuone mpangilio huu.

Ute ukikaukia kwenye chupi hugeuka manjano kidogo, na chupi nyeusi hupauka kwa sababu uke una asidi. Huo si ugonjwa.

Ugonjwa haufuati kalenda hiyo. Fangasi huleta kuwashwa, wekundu na mabonge meupe, mara nyingi bila harufu kali. Majimaji mepesi ya kijivu yenye shombo ya samaki, hasa baada ya tendo la ndoa, huashiria kwamba bakteria wa ukeni wamevurugika, na dawa ya fangasi haigusi tatizo hilo. Kujiosha ndani kwa sabuni huzidisha, maana kunaondoa bakteria wanaolinda asidi ya uke.

Uchafu wa kijani au wenye povu, maumivu chini ya kitovu, homa, damu nje ya hedhi au baada ya tendo: hapo hatukuuzii kitu, tunakuomba uende ukapimwe. Mjamzito mwenye dalili yoyote kati ya hizi, au aliyekoma hedhi kisha akaona damu, aende pia bila kusubiri.

Ukija kwetu, kumbuka tarehe hedhi yako ya mwisho ilipoanza, na utuambie rangi, harufu na kama unawashwa. Ukiona aibu kusema mbele ya watu, viandike kwenye karatasi utupe.