Maneno hamsini ya skripti ya kunawa mikono, na kwa nini tunayalipisha

Sisi watengenezaji wa katuni za mafunzo malalamiko haya tumeyazoea sasa. Mteja anapokea ankara, anafungua skripti, anahesabu maneno, kisha anatuandikia: "Maneno hamsini tu, ndiyo mnatoza hivi? Hata mimi ningeandika." Wiki iliyopita yamekuja tena, safari hii kutoka kwa kikundi kilichotaka katuni ya dakika moja ya kunawa mikono, ya kuoneshwa na mhudumu wa afya ya jamii anapotembelea nyumba kwa nyumba. Kwa kuwa swali linarudi kila mara, tumeona tulijibu hapa kwa kirefu, kwa mfano wa kazi hiyohiyo.

Kikundi kilikuja na maandishi yake tayari. Yalikuwa yametolewa kwenye bango: nyakati zote za kunawa, orodha ya magonjwa, hatua za kunawa, na salamu mwishoni. Maneno yalipita mia mbili na arobaini. Msimulizi wa Kiswahili anayesoma kwa utulivu, huku mtazamaji akipata muda wa kuangalia picha, kwetu tunamhesabia maneno kama mia kwa dakika. Maandishi yale yangechukua zaidi ya dakika mbili, na hapo bado hakuna hata sekunde moja ya kimya.

Njia ya mkato ambayo wateja huipenda hapa ni kumwambia msimulizi aongeze kasi. Kuna mteja wa zamani aliyekwenda mbali zaidi: alirekodi sauti mwenyewe kwa kasi hiyo, akatuletea faili, akasema kazi yetu ni kuchora tu juu yake. Tulimwonya. Tulipopanga michoro ya penseli chini ya ile sauti, hatua ya kusugua mikono ilipata sekunde nne. Akaiona mwenyewe, akarudi studio kurekodi upya, akalipa msimulizi mara mbili. Skripti ilikuwa ndiyo sehemu ya bei nafuu kuliko zote katika kazi ile, na ndiyo aliyotaka kuiruka.

Sekunde nne zina ubaya gani? Mtazamaji wa katuni ya namna hii hafuati anachoambiwa, anafuata anachokiona. Ukimwambia "sugua kwa sekunde ishirini" huku mikono kwenye skrini ikisugua kwa sekunde nne, atakwenda kusugua kwa nne. Shirika la Afya Duniani linaweka utaratibu mzima wa kunawa kwa maji na sabuni kuwa sekunde 40 hadi 60, na kusugua pekee kunatakiwa kufike angalau sekunde 20. Kwa hiyo kwetu kanuni ni moja: kusugua kunaoneshwa kwa muda wake halisi, sekunde 20 kamili, bila kukatwa. Na si kweli kwamba kukata kunapunguza gharama. Mikono ikishachorwa ikisugua, mwendo ule unarudiwa kwa mzunguko, fremu zilezile. Kazi kubwa ni kuchora vidole vilivyopishana vizuri, na hiyo utailipia iwe imeonekana kwa sekunde nne au ishirini.

Ukitoa sekunde 20 kwenye dakika moja, zinabaki 40. Ndani yake uingie mwanzo, kulowesha, sabuni, kusuuza na kukausha. Hapo ndipo kazi ya kuandika inapoanza, maana karibu kila kitu inabidi kitoke. Tulikiomba kikundi kichague wakati mmoja tu wa kunawa. Baada ya mabishano marefu wakachagua ule ambao wahudumu wao waliona unasahaulika zaidi majumbani: baada ya kumsafisha mtoto aliyejisaidia, kabla ya kumlisha. Nyakati nyingine, kama baada ya kutoka chooni au kabla ya kuandaa chakula, mhudumu atazitaja kwa mdomo wake. Yupo pale, na filamu haina haja ya kumfanyia kazi yote.

Kitu kingine tulichokitoa ni sentensi iliyosema "sabuni huua vijidudu vyote". Walishangaa, kwa sababu ndiyo waliyoipenda kuliko zote. Sabuni ya kawaida kwa sehemu kubwa hufanya kazi kwa kung'oa. Inashika mafuta na uchafu ulioganda kwenye ngozi, kusugua kunauachanisha na ngozi, kisha maji yanaubeba. Viko virusi ambavyo sabuni huvivunja ganda lake la mafuta, vikiwemo vya korona, lakini si vijidudu vyote viko hivyo. Ubaya wa sentensi ile kwenye filamu ni kwamba mtu akiamini sabuni inaua yenyewe, haoni sababu ya kusugua. Anapaka, anasuuza, amemaliza.

Hii ndiyo skripti iliyobaki, kama ilivyokwenda kwa mchoraji.

Sekunde 0–8. Picha: mama anamaliza kumsafisha mtoto. Rangi ya bluu iko kwenye vidole vyake. Sauti: "Umemaliza kumsafisha mtoto. Mikono inaonekana safi, lakini vijidudu vya kinyesi bado vipo."

Sekunde 8–16. Picha: mkono unaelekea kwenye bakuli. Bluu inabaki kwenye kijiko, kisha kwenye midomo ya mtoto. Picha inarudi nyuma, mkono unasimama kabla ya kugusa. Sauti: "Ukishika chakula, vinahamia kwenye kijiko, kisha mdomoni mwa mtoto."

Sekunde 16–26. Picha: bomba linafunguliwa, mikono inalowa, bomba linafungwa, sabuni. Sauti: "Lowesha mikono. Funga bomba. Paka sabuni kote."

Sekunde 26–46. Picha: mikono tu, karibu, sehemu tano, kila moja sekunde nne. Bluu inatoweka pale panaposuguliwa. Sauti: "Viganja. Migongo ya mikono. Kati ya vidole. Vidole gumba. Ncha za vidole na kucha."

Sekunde 46–56. Picha: povu na mabaki ya bluu yanashuka na maji. Mikono inakaushwa, bomba linafungwa kwa kile kitambaa. Sauti: "Suuza kwa maji yanayotiririka. Kausha kwa kitambaa safi."

Sekunde 56–60. Picha: mama anamlisha mtoto. Kimya.

Hesabu maneno ya sauti, ni hamsini kamili. Sasa tazama kidole gumba. Mtu anaposugua mikono kwa mazoea, viganja vinapata vya kutosha, lakini gumba linabaki nje ya msuguano. Linatakiwa lishikwe na mkono mwingine na kuzungushwa ndani yake. Ncha za vidole nazo zinatakiwa zisuguliwe kwa kuzungushwa kwenye kiganja. Hizo ni sehemu zinazorukwa sana, na ndizo zinazogusa chakula. Ndiyo maana bluu kwenye magumba tumeiacha hadi sekunde nane za mwisho za kusugua: kila kitu kimeshang'aa, magumba na kucha bado. Mtazamaji anaona kilichobaki kabla msimulizi hajataja. Rangi tuliichagua badala ya vijidudu wenye meno na macho, ambao wateja wengi huwaomba. Watoto huwapenda, lakini mdudu mwenye meno anafundisha kwamba hatari ni kitu unachoweza kukiona kikija. Bluu inafundisha kwamba kitu kinahama kutoka mkononi kwenda kwenye kijiko, na hicho ndicho kilichotakiwa kueleweka.

Maji nayo yana habari yake. Kuna mteja aliyetaka beseni, kwa hoja kwamba ni rahisi kuchora kuliko maji yanayomwagika. Ni kweli ni rahisi. Lakini kinachotoka kwenye mkono wa kwanza kinabaki ndani ya beseni kumsubiri wa pili. Maji yakitiririka yanaondoka nacho. Yakiwa ya baridi au ya moto si hoja, yote yanafaa.

Hapo ndipo kulipotokea ile kesi ambayo bado inatuletea maneno. Mteja mmoja aliidhinisha skripti yenye bomba, akaidhinisha michoro ya penseli, filamu ikakamilika kwa rangi na sauti. Kisha akatuma ujumbe: kule filamu inakokwenda hakuna mabomba, wanatumia kibuyu chirizi, kwa hiyo "badilisheni tu hicho kitu kimoja". Alipoona gharama ya mabadiliko akasema tumemwibia. Tumweleweshe hapa, na wengine wasome. Kibuyu chirizi ni chombo cha maji kilichoning'inizwa, kinachoinama ukikanyaga kwa mguu kijiti kilichofungwa kwa kamba. Mama hawezi kuchorwa kiuno kwenda juu tena, lazima mguu na kamba vionekane. Maji yanatoka pale tu anapokanyaga, kwa hiyo kulowesha na kusuuza ni mwendo mpya. "Funga bomba" haina maana tena, msimulizi arudi studio. Ile picha ya kufunga bomba kwa kitambaa inaondoka kabisa, kwa sababu hakuna kitu cha kushika, na sekunde zake lazima zijazwe. Kitu kimoja kimegusa karibu nusu ya filamu. Kwenye skripti, badiliko hilohilo lingekuwa kufuta mistari miwili na kuandika mingine.

Kwenye bei ya skripti kuna jambo la mwisho ambalo halionekani kwenye karatasi. Kabla rangi haijaingia, tunapanga michoro ya penseli juu ya sauti na kumwomba mhudumu awaoneshe watu wachache kwenye simu yake. Mara ya kwanza anazima sauti, kwa sababu ndivyo filamu itakavyoonekana mahali penye kelele. Hatumruhusu aulize "mmeelewa?", kwani kila mtu atajibu ndiyo. Anawaomba wanawe mikono hewani, bila maji, kama walivyoona, naye anaangalia magumba. Wakiyaruka, kosa ni la skripti na tunalirekebisha sisi bila malipo ya ziada. Kwa kikundi hiki, kwenye toleo la kwanza gumba lilikuwa la mwisho, na wengi waliishia kwenye kucha kwa sababu walidhani kusugua kumekwisha. Tukalitanguliza mbele ya ncha za vidole. Waliooneshwa toleo la pili walilizungusha.

Ukija kuagiza kazi ya namna hii, tuletee mambo matatu kabla ya maandishi yoyote: wakati mmoja wa kunawa unaotaka kuulenga, chombo cha maji ambacho watu wako wanacho kweli, na jinsi mhudumu atakavyoionesha, kwa simu au kwa skrini kubwa, mbele ya mtu mmoja au kundi. Kama anataka kusimamisha filamu na kuuliza maswali, sema mapema, tutamwekea picha tulivu ya kusimamia. Mabadiliko kwenye skripti na kwenye penseli yamo ndani ya bei. Baada ya sahihi yako kwenye penseli, kila picha inayoguswa inalipiwa.